Mwenye Mtindo na Mwenye Picha

Katika nchi ya Wakaguru, na kwa majirani zao Waluguru, Wakwere, Wazaramo na Wadoe, kuna sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Ni kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu. Matiti na kitovu huonyeshwa kwa alama chache, na juu yake kuna kichwa chenye nywele zilizogawanywa kama vishungi viwili. Binti aliyewekwa ndani alipewa sanamu hiyo ailee, aipake mafuta na kuitunza kama mtoto, na katika familia nyingi ilirithishwa kwa upande wa wanawake, kama ulivyo ukoo wenyewe. Mchongaji wa mwana hiti hakutia saini. Alifuata kanuni alizozikuta, na ustadi wake ulionekana katika namna alivyozifuata: uwiano wa kichwa na kiwiliwili, ulaini wa mti, mchoro wa vishungi. Hakuna aliyemdai jambo jipya, na ukiuliza ni nani mtunzi wa umbo lile hupati mtu wa kumtaja. Lakini ukiuliza sanamu hii ni ya nani, jibu lipo papo hapo: ni ya ukoo fulani, iko kwa bibi fulani, na baada yake itakwenda kwa fulani. Umiliki ulikuwapo, na ulikuwa na nguvu, bila mtunzi.

Nimeanza na sanamu hiyo kwa sababu mjadala wa siku hizi juu ya picha zinazotengenezwa na kompyuta huendeshwa kama kwamba maswali matatu ni swali moja. Nani ametunga? Je, kazi ni mpya? Nani anaimiliki? Historia ya sanaa yetu inaonyesha kwamba maswali haya yanaweza kuachana kabisa, na kwamba anayeyachanganya huishia kumtetea asiyehitaji kutetewa na kumsahau mwenye haki. Nadhani hilo ndilo linalotokea sasa. Tunapigania mtindo, ambao haujawahi kuwa wa mtu, na tunaziacha picha, ambazo kila moja ina mwenyewe. Mfano ulio wazi kuliko wote ni ule wa Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati wake, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta vibarua. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mbao za dari vilivyokatwa mraba, vingi vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Vifaa hivyo ndivyo vilivyounda sehemu kubwa ya mtindo. Rangi ile haichanganyiki vizuri ikiwa mbichi, kwa hiyo mchoraji hupaka usuli kwanza, huuacha ukauke, ndipo anapoweka mnyama au ndege juu yake, anamjaza rangi moja, anasubiri tena, halafu anatia madoa na mistari. Hapo ndipo ulipotoka ukingo mkali kati ya mnyama na usuli, kukosekana kwa vivuli, na madoa yanayong'aa juu ya ngozi ya chui. Mtu akitazama picha ya namna hiyo kwa pembeni, penye mwanga, huona tabaka: madoa yamenyanyuka kidogo juu ya mwili, na mwili umenyanyuka juu ya usuli.

Picha ziliuzwa Oysterbay, jirani na duka la Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni waliokaa maeneo hayo. Biashara ilipokua, Tingatinga alichukua wanafunzi, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kusini. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Omari Amonde. Mafunzo hayakuwa na mtaala. Mwanafunzi alianza na kazi za kusaidia, kupaka usuli na kujaza rangi, akawa anatazama mkono wa mwalimu hadi alipoweza kuchora mnyama mzima. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wahalifu wanaokimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Yote yaliyofuata, ikiwa ni pamoja na jina lake kugeuka jina la mtindo, yalifanywa na wengine. Waliobaki waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika.

Tabia moja ya wachoraji hao imekuwa ikiwasumbua wahakiki kwa muda mrefu, nayo ni kurudia. Mchoraji mmoja akipata mpangilio unaouzika, tuseme ndege wawili juu ya tawi lililopinda au kundi la tembo chini ya Kilimanjaro, wa benchi la jirani huuchora pia, na mwezi haupiti kabla ukuta mzima haujajaa ndege na tembo wa namna hiyo. Wapo waliosema hiyo si sanaa bali kiwanda. Sikubaliani nao, na sababu si huruma kwa watu wanaotafuta riziki. Mahali ambapo kila mtu anamwona mwenzake akifanya kazi, kurudia ndiyo njia ya mpangilio kukua: mmoja anaongeza mdomo, mwingine anabadili usuli, wa tatu anajaza nafasi tupu kwa maua, na baada ya miaka michache kilichokuwa chui mmoja wa 1968 kimezaa picha za soko, za hospitali, za mashetani na za harusi. Zaidi ya hapo, kunakili huko kulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa. Aliyenakili alikuwa amepokelewa na mtu. Aliketi hapo hapo, akauza kwa wanunuzi wale wale, na kesho mpangilio wake naye ulichukuliwa. Akivuka mpaka, kwa mfano kwa kuiga saini ya mwenzake, alikuwapo wa kumkemea.

Saini ndiyo iliyokuwa mpaka, na historia yenyewe inathibitisha. Picha za kuiga mtindo wa Tingatinga zimejaa Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na Nairobi, wala hakuna anayeziita za kughushi. Lakini tangu wakusanyaji wa Ulaya na Japani walipoanza kulipa fedha nyingi kwa picha za mwanzilishi mwenyewe, zilijitokeza picha zenye saini yake ambazo hakuzichora. Hizo kila mtu anaziita za kughushi, wachoraji wenyewe wakiwa wa kwanza. Bila mwanasheria yeyote kati yao, walikuwa wametofautisha mtindo, ambao ni wa kila aliyejifunza, na picha, ambayo ni ya aliyeichora.

Sheria ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA Tanzania Bara, hulinda kazi iliyotungwa na mtu, wala hailindi wazo au mtindo. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za kiuchumi juu ya picha alizochora Edward Saidi Tingatinga mwenyewe zilikoma nchini mwaka 2022. Picha za wanafunzi wake waliofariki baadaye, na za mamia ya wachoraji walio hai, bado zina ulinzi, kila moja peke yake. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, ambazo matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya jadi huombewa kibali Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mwana hiti wa Ukaguru anaingia huko bila taabu. Wapo wanaotaka Tingatinga nayo iingizwe huko, ili taifa liidai mbele ya makampuni ya kigeni. Ninaelewa uchungu wao, lakini dawa hii ingewaumiza wenyewe. Sanaa iliyoanzishwa na mtu anayejulikana, katika mwaka unaojulikana, na inayochorwa leo na watu wenye majina, haiwezi kuitwa ya jadi bila kuwanyang'anya watu hao utunzi wao na kuukabidhi kwa ofisi.

Mwaka 2010 mtindo huu uliingia kwenye kompyuta kwa mlango mkubwa. Katuni ya watoto iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya London, ilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha watoto cha BBC. Wanyama wenye madoa na usuli wa rangi zilizofifishana walitembea, wakaongea na kuimba. Hapo mtindo ulikuwa umechukuliwa na jina pia, lakini kulikuwa na watu wa kufuatwa: kampuni zenye anwani, mikataba inayoweza kusomwa, wachoraji wa katuni wanaotajwa mwishoni mwa kila kipindi. Mtu aliyeona amepunjwa alijua mlango wa kubisha. Miaka kumi na miwili baadaye ilikuja namna nyingine ya kuchukua, isiyo na mlango.

Kabla ya kufika huko, inafaa turudi nyuma kidogo, kwa kuwa sanaa ya kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani; ina umri kupita hata ule wa chui wa Oysterbay. Mwaka 1962 mhandisi Michael Noll alianza kutengeneza michoro kwa kompyuta katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Mchoro wake mmoja maarufu ni mstari mmoja unaokunjamana kwa kuunganisha nukta 100. Mahali pa kila nukta kwa upande mmoja palipatikana kwa namba za kubahatisha na kwa upande mwingine kwa kanuni ya hesabu inayokwenda ikiongezeka. Mwaka 1965 michoro hiyo ilionyeshwa New York, na Noll akaomba kuisajili kwa hakimiliki katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikataliwa, kwa sababu mchoro ulikuwa umetengenezwa na mashine. Akaeleza kwamba programu iliandikwa na mtu. Akakataliwa tena, safari hii kwa sababu namba za kubahatisha si kazi ya mtu. Akaeleza kwamba hata namba hizo hutolewa na kanuni ya hesabu iliyoandikwa na mtu. Mwishowe akasajiliwa.

Katika miaka hiyo hiyo alifanya jaribio lingine linalostahili kukumbukwa. Alitazama mchoro wa Mholanzi Piet Mondrian wa mwaka 1917, wenye vijistari vifupi vilivyosimama na kulala, akaandika programu itoe mchoro wa namna hiyo, kisha akawaonyesha watu 100 nakala za michoro yote miwili. Watu 59 waliupenda zaidi ule wa kompyuta, na 28 tu waliweza kusema ni upi uliotoka kwenye mashine. Wengi husimulia jaribio hili kuonyesha kwamba mashine inaweza kumshinda mchoraji. Mimi naona linaonyesha jambo lingine. Noll alimtaja Mondrian kwa jina, akataja mchoro alioufuata, na kanuni alizoziandika ziliweza kusomwa mstari kwa mstari. Mtu angeweza kuonyesha kwa kidole: hapa ni Mondrian, hapa ni Noll, hapa ni bahati nasibu. Utunzi uligawanyika, lakini haukupotea.

Mashine zilizokuja mwaka 2022 hazijengwi hivyo. Hakuna anayeandika kanuni ya kuchora chui. Mfumo kama Stable Diffusion, uliotolewa kwa umma Agosti mwaka huo, ulifunzwa kwa picha zilizookotwa kwenye mtandao pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake. Orodha iliyotumika ilitoka katika mkusanyiko uitwao LAION-5B, wenye jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo. Picha huchafuliwa kwa chengachenga hatua kwa hatua mpaka isitambulike, na mashine hufunzwa kukisia uchafu ulioongezwa ili iweze kuuondoa. Kazi hiyo hurudiwa mabilioni ya mara. Kinachobaki mwishoni ni faili la namba lenye ukubwa wa kama gigabaiti 4. Ukitaka picha, mashine huanza na chengachenga tupu na kuzisafisha kuelekea maneno uliyoandika. Ukiandika Tingatinga, itatoa chui mwenye madoa, kwa sababu picha za chui hao zilikuwa kwenye mtandao, zimewekwa na maduka, makumbusho na wachoraji wenyewe waliotafuta wateja.

Hesabu ndogo inatusaidia kuelewa. Gigabaiti 4 zikigawanywa kwa picha zaidi ya bilioni 2 zilizotumika katika mafunzo, kila picha inapata chini ya baiti mbili, ambazo hazitoshi kuhifadhi hata doa moja. Kwa hiyo wanaosema kwamba mashine ni ghala la picha zilizoibwa hawasemi kweli. Lakini wanaosema kwamba haihifadhi chochote nao wamekosea. Mwaka 2023 watafiti walichagua picha 350,000 zilizojirudia zaidi katika mafunzo ya Stable Diffusion, wakaiomba mashine izitoe, na wakapata karibu picha 100 zilizorudi takriban kama zilivyokuwa. Sababu ni kujirudia: picha iliyokutwa mara nyingi hukaririwa. Kwa sanaa inayouzwa kwa mpangilio mmoja unaorudiwa na wachoraji kumi, jambo hilo lina uzito wake. Na ziko picha za mashine ambazo kwenye kona huonekana mikwaruzo isiyosomeka, mahali ambapo mchoraji angetia saini. Mashine imeona kwamba picha za namna hiyo huwa na kitu pale kwenye kona, ikakichora kama inavyochora mkia wa chui. Alama iliyokuwa mpaka kwa wachoraji wa Oysterbay imekuwa pambo.

Pingamizi kubwa zaidi ni hili: mwanafunzi wa Tingatinga naye alijifunza kwa kutazama, hakulipa kitu, akanakili, na nimemtetea. Kwa nini nimkatalie mashine? Pingamizi hili ni la haki, na siwezi kulijibu kwa kusema mashine haina roho. Jibu langu liko katika masharti yale yasiyoandikwa. Mwanafunzi alipokelewa, na mwalimu angeweza kumkataa. Picha alizozitazama hazikunakiliwa ili kutengeneza chombo cha kuuzwa, ilhali mafunzo ya mashine huanza kwa kushusha nakala halisi ya kila picha, na nakala ndicho kitu ambacho sheria ya hakimiliki ilitungwa kukisimamia. Tena mwanafunzi alirudisha alichochukua, kwa kuwa alichora hadharani na wenzake wakamnakili. Mwenye mashine huchukua picha moja moja, na anachouza ni uwezo wa kutoa picha zisizo na mwisho kwa bei ambayo mchoraji anayesubiri rangi ikauke hawezi kushindana nayo. Kwa hiyo kosa nisingelitafuta katika chui anayetoka upande wa pili. Limo katika zile nakala zilizoshushwa mwanzoni bila mwenye picha kuulizwa.

Pingamizi la pili ni kwamba matokeo ya mashine hayana mwenyewe, basi hakuna anayemdhulumu mwingine. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Machi 2025, katika shauri la Stephen Thaler, kwamba kazi isiyo na mtunzi ambaye ni mtu haiwezi kupata hakimiliki. Kenya ina njia tofauti: sheria yake ya 2001, ikifuata ya Uingereza ya 1988, humtambua kuwa mtunzi wa kazi iliyotolewa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi itokee. Tanzania haina kifungu kama hicho. Wapo wanaotaka tukiige haraka, na sioni sababu ya haraka hiyo. Kifungu cha namna ile kilitungwa wakati maandalizi yalikuwa kazi kama ya Noll, kuandika programu nzima. Leo anayeandika maneno sita angedai haki juu ya chui, wakati aliyemchora chui halisi hajaulizwa chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate mpaka mwisho. Duka la zawadi kwenye barabara kuu ipitayo Mikumi linachapisha fulana zenye twiga wa Tingatinga aliyetolewa na mashine. Mchoraji wa Dar es Salaam anaziona. Akilalamika kwamba mtindo ni wake, hana shauri, na hapaswi kuwa nalo, kwa sababu haki hiyo ingemfunga yeye mwenyewe kwanza na wenzake wote. Akilalamika kwamba twiga huyo ni nakala ya picha yake, itabidi aonyeshe picha yenyewe, tarehe aliyoichora, mahali ilipowahi kuonekana hadharani, na kufanana kwa mambo ambayo si ya mtindo: mpindo ule ule wa shingo, majani yale yale, kosa lile lile la kwato. Akiweza, ana shauri dhidi ya mwenye duka, haijalishi mchapaji alitumia brashi au mashine. Duka likiandika kwenye kibandiko kwamba fulana imechorwa kwa mkono na msanii wa Tingatinga, hapo kuna udanganyifu kwa mnunuzi, na hilo ni suala la haki za mlaji lisilohitaji hakimiliki hata kidogo. Akitaka kumfuata aliyetengeneza mashine, atakutana na ugumu ambao kampuni ya picha ya Getty, yenye mawakili wake, ilikutana nao London. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba faili la namba lenyewe si nakala ya picha zilizotumika kulifunza, na Getty ilikuwa imeshaondoa dai juu ya mafunzo yenyewe kwa sababu haikuwa na ushahidi kwamba yalifanyika ndani ya nchi hiyo. Nakala zilishushwa mahali pengine, chini ya sheria nyingine.

Kwa hiyo mchoraji wetu anabaki na kile anachoweza kukithibitisha, ambacho ni picha yake. Wachoraji wengi wa Tingatinga huuza kazi mbichi bado, bila kuipiga picha, bila tarehe, bila kumbukumbu ya mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayeiweka mtandaoni kwa jina la mtindo peke yake. Picha hiyo inapookotwa na mashine huwa imekwisha kupoteza jina la aliyeichora, na ililipoteza siku ilipotoka kwenye benchi. Simu ya mkononi inatosha kuizuia hasara hiyo: picha ya kila kazi kabla haijaondoka, mbele na nyuma, jina na tarehe vikiwa vimeandikwa nyuma ya ubao, na kazi zilizo muhimu zikisajiliwa COSOTA. Hayo hayatamlipa fidia kwa picha zilizokwisha chukuliwa mwaka 2022. Yatampa ushahidi kwa zile anazochora sasa, siku ambayo mahakama fulani, Dodoma au kwingineko, itataka kuona ubao aliochora yeye.